Umemkata vizuri lakini bado hajakaa: shida za kumweka mtu kwenye bakgraundi mpya na sababu zake

Kumkata mtu kutoka kwa picha si kazi tena siku hizi, app karibu zote zinamtoa, ukisafisha ukingo kidogo basi yuko tayari. Shida inaanza ukimpeleka pahali pengine. Lawama ambazo dizaina wa hapa Mombasa wanapata kwa wateja ni zilezile kila wiki, "huyu yuwaelea", "mbona kama jitu", "maandishi siyaoni", halafu ile mbaya kuliko zote, "kuna kitu hakijakaa lakini sijui ni nini", maana hapo hata mwenyewe hawezi kukuonyesha kwa kidole. Hapa nimezipanga kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayotokea sana ndo ya kwanza.

Ili tusiongee hewani, nitaenda na kazi moja mpaka mwisho. Chukua posta ya fundi wa hina wa Kisauni, ya kuweka Instagram, upana 1080 na urefu 1350. Yeye amepigwa picha nyumbani, amesimama, amevaa buibui, mikono ameikutanisha mbele kuonyesha hina. Bakgraundi ni kichochoro cha Mji wa Kale, kuta mbili zinaenda zikisongeana mbali, mlango wa nakshi upande wa kushoto na baraza chini yake. Yeye akae kulia, maandishi yaende kushoto. Kazi ya kawaida kabisa, na makosa yote ya chini yanaeza kukupata humo humo.

Kabla hujagusa kitu fanya vitu viwili. Punguza posta kwenye skrini mpaka iwe kama ukucha wa kidole gumba uone jicho linaenda wapi kwanza. Halafu geuza posta nzima kichwa chini miguu juu, ukiona upande mmoja umelemea au kuna shimo ambalo hukuliona basi ushajua pa kuanzia.

Dalili: anaelea, au amekuwa jitu, au kibete

Hii ndo inayoripotiwa kuliko zote, na watu wanakimbilia kuongeza kivuli chini ya miguu. Kivuli saa ingine kinasaidia, lakini mara nyingi shida si kivuli, ni saizi. Na saizi haipimwi kwa jicho, inapimwa kwa mstari wa upeo.

Mstari wa upeo ni ule wa bahari kukutana na mbingu. Ukisimama Mama Ngina unauona wazi. Kwenye kichochoro huuoni kwa sababu kuta zimeuficha, lakini upo. Utaupata hivi: chukua kingo za madirisha, vizingiti vya milango, ukingo wa baraza, uchore mstari juu ya kila moja na uurefushe kuelekea mbali. Yote itakutana pahali pamoja. Kimo cha hapo pahali ndo mstari wa upeo wako, vuta mstari mlalo kupitia hapo uuache kwenye leya yake.

Sasa huo mstari unakwambia kitu kimoja kikubwa, kwamba kila kitu ambacho mstari unakipita, unakipita kwenye kimo kilekile ambacho kamera ilikuwa. Aliyepiga kichochoro akiwa ameshika simu usawa wa macho, tuseme mita moja na nusu kutoka chini, basi kila mtu mzima aliyesimama kwenye ile ardhi, awe karibu au awe kule mwisho, mstari unampita usawa wa mita moja na nusu. Yaani machoni. Aliye mbali ni mdogo na miguu yake iko juu zaidi kwenye picha, aliye karibu ni mkubwa na miguu iko chini zaidi, lakini macho yao wote yako kwenye mstari mmoja. Ukiwa na bakgraundi yenye wapita njia angalia tu, utaliona hili wazi.

Kwa hivyo ukaguzi wa kwanza: macho ya mtu wako yako kwenye mstari? Kwenye kazi yetu mstari wa upeo uko pikseli 560 kutoka juu. Dizaina amemweka fundi wa hina miguu ikiwa 1250, akamkuza mpaka aonekane vizuri, kichwa kikafika 330. Piga hesabu. Kutoka miguu hadi mstari ni pikseli 690, na hizo ni mita moja na nusu. Yeye mzima ana pikseli 920. Hiyo ni mita mbili kamili! Mwanamke wa mita moja na sitini amekuwa na urefu wa mlango, ndo maana mteja anasema jitu na ana haki. Ukitaka akae kwa saizi ya kweli hapo alipo, awe na pikseli kama 735, macho yaangukie kwenye mstari.

Lakini pikseli 735 kwenye posta ya 1350 ni mtu mdogo, hina haionekani, na posta ni ya hina. Hapa ndo watu wanakwama, wanamkuza palepale alipo na jitu linarudi. Jibu ni kumleta karibu, na kumleta karibu maana yake ni kushusha miguu, hata ikitoka nje ya posta. Macho yabaki kwenye mstari, miguu ishuke. Kwenye kazi yetu tukikubaliana kwamba mita moja iwe pikseli 1000, yeye anakuwa na pikseli 1600, kichwa kinapita mstari kwa pikseli kama 100, na sehemu ya chini inakatwa na ukingo wa posta. Ni mkubwa zaidi ya mara mbili ya yule wa pikseli 735 na haonekani jitu kabisa, anaonekana amesimama karibu nawe.

Na hapo umepata faida ingine ya bure, miguu haipo, kwa hivyo hakuna kivuli cha kutengeneza na hakuna pindo la buibui lililoliwa wakati wa kukata. Angalia tu ukingo wa posta usimkate kwenye goti wala kwenye kifundo cha mkono, mkate katikati ya paja au kiunoni, ukimkata kwenye kiungo anaonekana amekatwa kweli.

Sababu ya pili kwa wingi ni kamera mbili zilizopigwa kwa vimo tofauti. Fundi wa hina alipigwa na binamu yake aliyekaa kitini, kichochoro kilipigwa na mtu aliyesimama. Saizi umeirekebisha lakini bado kuna kitu. Angalia picha yake ya asili, ile ambayo hujaikata bado, utafute ukingo wa meza, kitasa, vigae vya ukutani, laini yoyote ambayo ukutani inajulikana ni mlalo. Zile za juu ya kamera zinainama zikienda mbali, za chini zinapanda, na ile inayobaki mlalo kabisa ndo kimo cha kamera. Ikiwa ilikuwa kifuani na bakgraundi ni machoni, tofauti ya sentimita thelathini, na alipigwa kutoka mbali kiasi cha mita tatu hivi, wacha tu, hakuna atakayegundua. Ikiwa alipigwa kutoka juu, yaani unaona utosi na mabega kutoka juu na miguu imekuwa midogo, usipoteze muda. Hakuna kitu cha kusogeza kitakachomponya, nenda kwa ile sehemu ya mwisho nimeeleza.

Sababu ya tatu ni ya Mji wa Kale haswa. Vichochoro vingine vinateremka kuelekea baharini. Hapo kingo za madirisha zinakwambia mstari wa upeo wa kweli lakini ardhi inafuata njia yake, kwa hivyo ukitafuta mstari kwa ukingo wa njia au mtaro utapata jibu la uwongo, na wapita njia waliofika chini macho yao hayatakuwa kwenye mstari. Tumia madirisha na vizingiti pekee, na mtu wako umlete karibu akatwe na ukingo wa posta, ili usilazimike kukisia ardhi iko wapi.

Miguu ikilazimika kuonekana, kwa mfano anauza viatu, basi kivuli kinahitajika, chembamba na cheusi kabisa pale soli inapogusa chini na kinafifia haraka. Na kifuate upande wa vivuli vya bakgraundi. Kichochoro cha saa sita mchana kivuli kiko chini ya mtu moja kwa moja, usimwekee kile kirefu cha jioni.

Dalili: umefuata theluthi lakini posta imelemea upande

Theluthi kila mtu anaijua: gawanya upana mara tatu na urefu mara tatu, weka kitu muhimu kwenye mistari au pale inapokutana. Kwa posta yetu ni 360 na 720 kwa upana, 450 na 900 kwa urefu. Kwenye Photoshop ni `View > Guides > New Guide Layout`, unaweka safu 3 kila upande na Gutter 0. Kwenye app ya simu isiyo na gridi chora mistari minne myembamba uifute ukimaliza.

Sababu ya kwanza kabisa ni ya kijinga na ndo inayowapata wengi. Ile PNG yako ina nafasi tupu pembeni isiyoonekana. Ulipomkata, app ilibakisha fremu yote ya picha ya asili, sasa unapolengesha, app inalengesha katikati ya fremu wala si katikati ya mtu. Gusa leya uangalie kisanduku kinachotokea, kikiwa kikubwa kuliko mwili ushapata mwizi. Kipunguze, kwa Photoshop fungua ile PNG yenyewe ufanye `Image > Trim`, uchague Transparent Pixels, kwa simu crop tu mpaka mwilini.

Ya pili, umelengesha mwili badala ya uso. Watu wakiangalia picha ya mtu wanaenda machoni kwanza, kwa hivyo jicho ndo liende kwenye theluthi. Mwili ukaangukia popote. Mtu aliyenyoosha mkono upande mmoja, katikati ya mwili wake kunaeza kuwa hewani tu.

Hapa kuna kitu kinachowachanganya watu: nimesema macho yawe kwenye mstari wa upeo, na theluthi inataka macho yawe 450, lakini upeo uko 560. Ufuate upi? Usimsogeze mtu, sogeza bakgraundi. Picha ya simu ya tatu kwa nne ukiipa upana 1080 inakuwa na urefu 1440, posta ni 1350, kwa hivyo una pikseli 90 za kuchezea. Ipandishe yote, upeo unapanda mpaka 470, mtu anapanda nao. Haijafika 450 lakini inatosha, theluthi si kipimo cha duka la dawa. Ukiangalia sasa macho ya fundi yako 470, na mikono aliyoikutanisha, ambayo iko sentimita arubaini hivi chini ya macho, imeangukia 870, karibu kabisa na theluthi ya chini. Uso na hina, vitu viwili vya kuuzwa, vyote viko pahali pake. Hii ndo faida ya kuwasogeza pamoja mtu na bakgraundi kama kitu kimoja ukishawafunga kwenye upeo.

Ya tatu ni uelekeo. Amekaa theluthi ya kulia halafu anaangalia kulia, nje ya posta. Nafasi yote iko mgongoni kwake. Ama umhamishe theluthi ya kushoto ama umgeuze. Kugeuza ni `Edit > Transform > Flip Horizontal`, sekunde moja, lakini subiri kidogo. Ukimgeuza na mwanga unageuka, kama jua la kichochoro linatoka kushoto na sasa uso wake umeangaza kulia, umetibu jicho ukavunja mguu. Maandishi kwenye jezi yanasomeka nyuma, saa inahamia mkono wa kulia, shati la kiume vifungo vinakaa upande wa kike. Na hina yenyewe inageuka, fundi anaijua kazi yake, atakwambia huu mchoro sikuuchora mkono huu. Kwa hivyo mhamishe theluthi ya kushoto kwanza, na kama kuna cha kugeuzwa iwe ni bakgraundi, mradi mwanga wake unaruhusu na haina vibao vya maandishi wala pahali ambapo kila mtu anapajua.

Na kuna wakati theluthi yenyewe ndo kosa. Ukiweka bakgraundi ya Pembe za Ndovu pale Moi Avenue, zile pembe zinapandana juu ya barabara pande mbili sawasawa, picha iliyopigwa katikati haimtaki mtu kando hata kidogo. Mweke katikati chini ya pembe, maandishi yaende juu au chini. Kumsukuma theluthi hapo ni ukaidi.

Dalili: jicho linakimbia, au kuna kitu kinamkata mtu

Mistari inayoongoza jicho ndo sababu ya kuchagua kichochoro kwanza. Kuta, nyaya za stima, mabaraza, yote inakimbilia pale inapokutana mbali. Jicho linapanda hizo laini bila kuombwa. Swali ni linafika wapi.

Mara nyingi zaidi shida ni kwamba laini zinakutana upande mmoja na mtu amekaa upande mwingine. Kichochoro kinapelekea kushoto, fundi yuko kulia, kwa hivyo jicho linaenda kuangalia tuktuk iliyoegeshwa kule mwisho. Weka kidole pale laini zinapokutana, halafu angalia umbali mpaka usoni. Umbali huo ukizidi upana wa theluthi moja, ama geuza bakgraundi ama isogeze. Kwenye kazi yetu laini zinakutana 700, uso uko 720, kwa hivyo uso umefunika pale pale. Ukingo wa baraza unaanzia pembe ya chini kushoto unapanda mpaka unagonga buibui juu kidogo ya mikono, hapo jicho limeletwa kwenye hina lenyewe.

Kinachofuata ni laini inayomgusa pabaya. Waya wa stima unaoingia sikio moja na kutokea lingine, mlingoti unaomea utosini, na kwa wale wa picha za Mama Ngina mbuyu umesimama juu ya kichwa utadhani kilemba. Hizi ni rahisi, msogeze mtu kulia au kushoto kwa upana wa nusu ya kichwa mpaka laini iwe wazi kando au ifichwe kabisa. Shida ni pale inapogusa ukingo tu, haijafichwa wala haijaachana, hapo macho hayajui nani yuko mbele.

Upeo wa bahari unaopita shingoni ni kesi yake pekee. Kando haisaidii kwa sababu laini ni mlalo. Ukimpandisha mtu mpaka laini ipite kifuani ushamtoa kwenye kanuni ya macho, anakuwa mrefu. Kidogo tu hakuna neno, upana wa vidole vitatu vya mwili wake hakuna atakayeona, hasa miguu isipoonekana. Zaidi ya hapo tafuta picha ingine iliyopigwa kutoka chini zaidi, mpiga picha amechutama, upeo utapita kiunoni na kichwa kitakaa mbinguni kikiwa safi. Kwa posta za baharini mimi napenda hii kuliko zote, mbingu juu inabaki tupu kwa maandishi.

Ya mwisho ni laini inayotoka nje kwenye pembe ya posta upande wa mtu, ikimpita mgongoni. Kama povu la mawimbi Nyali linaloanza miguuni kwake likaishia pembe ya juu kulia. Punguza nguvu yake tu, tia giza kidogo ile pembe. Si lazima kuifuta.

Dalili: maandishi hayana pa kukaa

Wengi wanamweka mtu, wanapamba, wanamaliza, halafu ndo wanatafuta pa kuandika. Kwa hivyo sababu namba moja ni kwamba nafasi haikuhesabiwa. Angalia mtu wako anakula upana kiasi gani pamoja na viwiko. Fundi wetu na mikono yake ni kama pikseli 550, uso ukiwa 720 anaanzia 445. Ondoa ukingo wa 60 upande wa kushoto na pumzi kidogo kati ya maandishi na kiwiko, unabaki na safu ya pikseli 360 tu. Kwenye safu hiyo "HINA YA HARUSI" inaingia ikiwa maneno matatu yamepangwa chini kwa chini, lakini orodha ya bei ya vitu kumi haiingii, na mwambie mteja mapema kabla hajakuletea. Maandishi yakizidi, msukume mtu kulia mpaka bega moja litoke nje ya posta. Uso ubaki mzima. Kumpunguza mtu iwe ya mwisho, maana ukimpunguza unarudi kwenye mambo ya upeo upya.

Ya pili, nafasi ipo lakini si tupu. Mlango wa nakshi uko pale pale unapoandika, na nakshi na herufi zinapigana. Kuna watu wanaongeza kivuli kwenye herufi, kisha mstari mweupe, kisha kivuli kingine, na kila wakiongeza inazidi kuchafuka. Acha herufi, shughulika na ukuta. Kwanza pitisha ukungu, yaani blur, kwenye bakgraundi, kati ya pikseli 6 na 10 kwa posta ya saizi hii. Mtu yuko karibu, ukuta uko mbali, kwa hivyo ukungu unaonekana wa kamera tu. Miguu ikiwa inaonekana usifanye hivyo, ardhi aliyokanyaga ikiwa na ukungu sawa na ya mbali anabandukia palepale. Pili weka leya ya rangi ya ukuta wenyewe, ichukue kwa kile kidonoa rangi, nzito upande wa kushoto na inafifia mpaka inaisha kabla ya kumfikia mtu. Iwe chini yake kwenye leya, isimpite juu. Nakshi zitabaki kama kumbukumbu tu na herufi za hudhurungi zitasomeka.

Maandishi yakae juu ya ule ukingo wa baraza unaopanda. Yakikatiza laini umeziba njia ambayo jicho linapita kwenda kwenye hina. Upande wa kushoto juu, kuanzia 200 mpaka kama 750, ndo uwanja wako.

Kitu kimoja kinasahaulika sana: posta ileile inatumwa status, ambayo ni 1080 kwa 1920. Kule juu kuna jina na picha ya mwenyewe, chini kuna pahali pa kujibu. Acha pikseli 250 juu bila neno lolote na chini acha zaidi ya hapo. Na usiivute posta ya 1350 mpaka 1920, mtu anakuwa mlingoti, panga upya kwenye turubai mpya.

Ukitaka nafasi zaidi upande mmoja na picha imeisha, unaeza kunakili kipande cha ukuta ukakigeuza ukakiunga. Ukuta wa chokaa unakubali. Mlango wa nakshi haukubali, ukitokea pacha wake kila mtu anaona.

Wakati wa kuacha

Picha iliyopigwa kutoka juu kabisa au kutoka magotini, rudisha ipigwe tena. Mwambie mteja simu iwe kimo kilekile cha aliyepiga bakgraundi, mpigaji arudi nyuma mita tatu au zaidi atumie zumu kuliko kusogea, na mwanga utoke upande uleule. Dakika kumi za kupiga upya zinakuokoa usiku mzima.

Shela ya bibi harusi inayopitisha mwanga, au nywele za kusokota zilizotawanyika mbele ya pazia lenye maua, hiyo ni kazi ya mtu wa kusafisha picha. Ukiipeleka kwenye app inakuachia ukingo mweupe ambao kwenye kichochoro chenye kivuli utawaka kama taa. Na kama ni picha ya harusi ya wanawake pekee, kabla hujafungua faili uliza nani ameruhusiwa kuiona, mara nyingi mwenyewe anataka dizaina mwanamke na hakukwambia kwa haya tu.

Halafu baner. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa, ya posta ya simu inatosha lakini ukiipeleka mita mbili uso unakuwa vibox vibox. Omba itumwe kama Document, si kama picha. Ikiwa ya asili haipo tena, usijikuzie mwenyewe nyumbani, nenda kwa fundi wa printi na faili ulilonalo akwambie saizi kubwa inayokubali, na muulize hapohapo anakunja pindo kiasi gani na matundu ya ringi anapiga wapi, kwa sababu zile pikseli 60 za ukingo wa kushoto kwenye baner ya mita mbili ni sentimita 11 hivi, na tundu likipigwa ndani ya hapo linaweza kutoboa herufi ya kwanza ya jina la mteja.